Mama wa likelemba na karatasi mbili zilizopata 16

Zamani swali langu la mtihani wa dini lilikuwa hili: "Kwa nini wizi ni dhambi?" Wanafunzi walinirudishia maneno ya daftari, nami nikayapa alama nzuri maneno yangu mwenyewe. Mmoja tu aliandika kwamba kuna kuchukua ambako si kuiba, tena kwa sababu tatu nzito. Nilimpa 8 juu ya 20. Ile 8 inaniuma mpaka leo.

Siku hizi naanza na kisa ambacho hata wazee wangebishana. Mama mmoja wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, anatunza pesa za likelemba, yaani mchango anaochanga pamoja na wenzake. Usiku mtoto wake anazidiwa na hospitali inataka dola 50 kwanza. Anazitoa kwenye pesa za wenzake bila kuwauliza, kisha anazirudisha kabla ya siku ya kugawa. Je, alikosea?

Mgawanyo wa alama naandika chini ya swali, wauone. Msimamo ulio wazi una 2, uwe wowote. Sababu zinazogusa kisa chenyewe zina 7. Pingamizi kali kuliko yote, pamoja na jibu lake, nalo 7. Maandiko yaliyotumiwa mahali pake yana 4.

Mwanafunzi mmoja alisema mama hakukosea: Daudi mwenye njaa alikula mikate mitakatifu, na Yesu alikitaja kisa hicho katika Marko 2. Halafu akajipinga mwenyewe: katika 1 Samweli 21 kuhani ndiye aliyempa Daudi mikate, lakini huyu mama hakupewa na mtu. Akajibu kwamba mtoto asingengoja wenzake waamke. Mwingine, Mwislamu, alisema alikosea, kwa kuwa Kurani 4:58 inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Alikubali kwamba 2:173 inamwondolea dhambi aliyelazimika kula kilichokatazwa, ila akauliza: amelazimika vipi mtu ambaye hatuambiwi kama alijaribu hata kumpigia simu mwenzake mmoja? Wote wawili nikawapa 16.

Wa tatu alipanga mistari sita ya Biblia bila kuiunganisha na mama yule, akapata 5. "Inategemea" peke yake haipati kitu kwenye zile 2, lakini "inategemea kama kulikuwa na wa kumuuliza" ni msimamo kamili. Na anayeandika kwamba Daudi aliiba mikate anapoteza alama, kwa maana hapo hatubishani maoni.

Kabla ya kurudisha karatasi nachukua tano na kujiuliza: huyu angemalizia kinyume, kwa sababu zenye uzito uleule, ningempa alama hizihizi? Nikisita, nasahihisha upya. Pingamizi ndilo linalonidanganya zaidi: mtu akipinga msimamo ninaoupenda, namdai ushahidi mwingi kuliko mwenzake.

Wanafunzi huuliza, "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nawajibu baada ya kurudisha karatasi, si kabla.