Slipu inasema 890,000, benki inasema 770,000: kwa mnaoanza dawati la mikopo

Wadogo zangu mnaoanza kukagua maombi ya mikopo, kuna kitu naona wengi mnakosea mapema sana. Mkiona neti ya kwenye slipu ya mshahara hailingani na hela iliyoingia benki mnagonga muhuri wa kukataa hapohapo, au mnaamua "si tofauti kubwa" na kupitisha. Vyote viwili si sawa. Tofauti yenyewe inaongea, we iulize ni kiasi gani na je inajirudia kila mwezi.

Anza na slipu peke yake kabla hata hujafungua steitimenti. Chukua kalkuleta, jumlisha makato mstari kwa mstari, toa kwenye grosi, uone kama unapata neti iliyochapwa, maana mfumo wa mishahara kwa kawaida haukosei kujumlisha, kwa hiyo hesabu ikigoma shuku kwamba kuna mkono wa mtu umepita au kuna ukurasa hujaletewa.

Ndio uende benki. Mshahara utafute kwa jina la mwajiri kwenye maelezo ya muamala, usiutafute kwa kiasi, maana ukitafuta kiasi unachokitaka utakipata hata kama kimetumwa na shemeji yake. Halafu soma safu ya hela iliyoingia, usisome salio, kwa sababu ada za benki na marejesho mengine hukatwa baada ya mshahara kutua na yanakuwa na mstari wake. Na tarehe angalia vizuri, mshahara wa Januari unaweza kuingia mwanzoni mwa Februari, ukilinganisha mwezi usio wake utaona tofauti ambayo haipo.

Sasa tuchukue mfano mmoja, namba nimetunga ziwe rahisi. Mwombaji kaleta slipu tatu, Januari mpaka Machi. Grosi 1,200,000, kodi 180,000, pensheni 100,000, bima 30,000, jumla ya makato 310,000, neti 890,000, na hesabu inakubali kabisa. Kule benki, mwajiri kaingiza 770,000 miezi yote mitatu. Tofauti 120,000, haipandi haishuki.

Ingekuwa inabadilika kila mwezi ningefikiria ovataimu, siku alizokosa kazi, au advansi (hii inaingia katikati ya mwezi kama muamala wake, kwa hiyo lazima uijumlishe na ya mwisho wa mwezi). Ingekuwa ndogo ndogo ya kufanana ningefikiria ada ya kutuma. Lakini kiasi kikubwa, cha mviringo, kisichobadilika, hiyo tabia yake ni rejesho la mkopo au mchango wa chama cha akiba na mikopo.

Hapo shuka kwenye safu ambayo wengi mnairuka, ile ya jumla tangu mwaka uanze. Sio kila slipu inayo ila ikiwepo ni dhahabu. Kwa slipu ya Machi jumla ya makato ilitakiwa iwe 310,000 mara 3, yaani 930,000. Slipu inaonyesha 1,290,000. Imezidi 360,000, igawe kwa 3 unapata 120,000 ileile. Yani mstari wa mkopo ulifutwa, jumla ya makato na neti za mwezi zikarekebishwa vizuri, ila ile safu ya pembeni ikasahaulika. Makato halisi ni 430,000 kila mwezi, na uwezo wake wa kulipa unaupima kwa 770,000.

Lakini subiri, fikiria safu hiyo ingesoma 930,000 safi. Hapo slipu iko sawa na huyu mtu pengine ni mkweli kabisa, mshahara wake umegawanywa, 770,000 inakuja akaunti hii na 120,000 inaenda nyingine. Kuna waajiri wanaoruhusu hivyo. Muombe steitimenti ya akaunti ya pili, utafute 120,000 kutoka kwa mwajiri yuleyule, tarehe ileile au karibu yake. Ikiwepo umemaliza. Mtu kama huyu ndo anakataliwa bure na afisa mwenye haraka, na inauma.

Kama safu haipo kabisa, karatasi hizi mbili hazitakwambia nani mkweli na usijilazimishe kuamua, muulize mwombaji kwa heshima kwanza, kisha uthibitishe kwa mwajiri kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na sio ile iliyoandikwa juu ya slipu, kwa sababu aliyeweza kubadilisha makato anaweza kubadilisha na namba ya simu. Na kwenye faili usiandike "neti hailingani", andika kiasi, miezi, na ulichokikuta, mfano "pungufu 120,000 Jan hadi Machi, jumla ya mwaka imezidi 360,000", ili anayepitisha baada yako aweze kurudia hesabu mwenyewe.