Mtoto wa nje na mtoto wa kambo kwenye mirathi ya baba: nilivyojifunza nikiwa msimamizi

*"Baba alifariki miezi miwili iliyopita na hakuacha wosia. Mimi ni binti yake wa nje ya ndoa, ila karo alinilipia mpaka fomu ya nne. Mkewe naye alikuja na kijana wake ambaye baba alimlea tangu utotoni. Sasa wajomba na baba wadogo wanasema sisi wawili hatumo. Ni kweli? Tuko Kenya."*

Si kweli, dadangu. Nakujibu nikiwa mtu aliyewahi kusimama upande wa hao wanaokukataa. Baba yangu alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mirathi, na jina la dada yetu wa nje sikuliandika. Nalijutia hilo hadi leo, kwa hiyo nitakueleza yote yaliyotupata.

Nyumbani tulikuwa watoto watatu wa ndoa. Kaka yetu mkubwa mama alikuja naye akiwa na miaka minne. Halafu kulikuwa na binti ambaye baba alimzaa na mama mwingine, bila ya kumwoa. Mali ilikuwa shamba la ekari 6 na pesa kidogo benki. Baba mdogo alikwenda kwa chifu kuchukua barua ya kuwataja warithi, akataja watatu tu. Kuhusu kaka alisema, "Huyo ana kwao." Kuhusu binti hakusema neno. Nilikuwapo nikanyamaza, kisha nikaibeba barua ile hadi kortini pamoja na ombi la barua za usimamizi, yaani fomu P&A 80 na hati ya kiapo P&A 5. Kile kiapo kinataka watoto wote wa marehemu watajwe, na mimi nilikitia sahihi kikiwa na pengo.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inaeleza katika kifungu cha 3(2) nani ni "mtoto". Kwa mwanamke, ni pamoja na kila aliyemzaa, awe wa ndani au wa nje ya ndoa. Kwa mwanamume, ni pamoja na yeyote ambaye alimtambua waziwazi kuwa mwanawe, au alimkubali kwa vitendo, au alijitwika mwenyewe jukumu lake la kudumu. Sentensi hiyo isome mara mbili, kwa sababu inawabeba ninyi wote wawili. Haiulizi kama mama yako aliolewa. Kwa huyo kijana, haiulizi hata damu. Inauliza baba aliishi naye vipi.

Ukishaingia kwenye mlango huo, wewe ni mtoto sawa na wa ndoa. Hupewi nusu, wala huwekwi mwisho wa foleni. Mama yako ndiye ambaye hapati kitu kama hakuwa mke, lakini hilo halipunguzi fungu lako.

Dada yetu aliposikia, barua za usimamizi zilikuwa zimeshatoka na nilikuwa nimeomba zithibitishwe ili mali igawanywe, hatua ambayo kwa kawaida hungoja miezi sita ipite. Aliweka kortini hati ya kiapo ya kupinga uthibitisho, fomu P&A 10. Viambatisho vyake vilinifanya niinamishe kichwa. Kulikuwa na risiti za karo zenye jina la baba, ujumbe wa M-Pesa wa miaka mingi, fomu ya bima ya afya ya kazini ambayo baba alimwandika kama tegemezi wake, na picha yake akiwa amekaa miguuni pa nyanya siku baba alipompeleka kumtambulisha. Kilichokuwa na uzito zaidi ni cheti chake cha kuzaliwa. Zamani, chini ya kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo, jina la baba ambaye hajamwoa mama halikuingizwa ila wazazi wote wawili waombe pamoja. Mahakama Kuu ilikuja kukitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba mwaka 2016. Cheti chake ni cha kabla ya hapo, maana yake baba mwenyewe alikubali kuandikwa. Kama cha kwako kina jina la baba na ni cha miaka hiyo, kitunze kama mboni ya jicho. Kama mahali pa baba pana mstari mtupu, usikate tamaa, kwa sababu risiti na mashahidi wanaweza kujaza nafasi hiyo.

Watu hukimbilia kipimo cha DNA. Korti inaweza kukiagiza panapokuwa na ubishi, lakini baba akishazikwa mara nyingi hubaki kupima ndugu kwa ndugu, na majibu ya ndugu wa baba mmoja hayana uhakika kama ya baba na mtoto. Ningekuwa wewe ningeanza na karatasi. Tafuta hata kijitabu cha ibada ya mazishi. Kama jina lako lilichapishwa kwenye orodha ya watoto wa marehemu, familia hiyohiyo inayokukana imeshakutambua mbele ya kanisa zima.

Sasa huyo kijana wa kambo. Hapa ndipo wengi hukosea, na hata wakili wetu wa kwanza alitaka kutupeleka njia mbaya. Mtoto wa kambo ana milango miwili, na milango hiyo haifanani.

Mlango mmoja ni kifungu cha 29, kinachotaja wategemezi. Watoto wa marehemu wamo moja kwa moja, wawe walikuwa wakitunzwa naye au la. Watoto wa kambo wametajwa kwa jina, lakini kwa sharti: wawe walikuwa wakitunzwa na marehemu hadi karibu na kifo chake. Anayeingia hapa anaomba korti imtengee kitu chini ya kifungu cha 26. Kiasi gani, ni juu ya hakimu au jaji baada ya kuangalia mahitaji yake na ya wenzake. Na lazima aombe kabla barua za usimamizi hazijathibitishwa. Kifungu cha 30 kinafunga mlango baada ya hapo.

Kaka yetu alikuwa na miaka 34 baba alipofariki, ana kazi yake na watoto wake. Hakuna ambaye angeweza kuapa kwamba alikuwa akitunzwa na baba. Kupitia mlango huo angeanguka siku ya kwanza. Wakili wa pili ndiye aliyetuonyesha mlango mwingine, kile kifungu cha 3(2) nilichokitaja. Swali likawa kama baba alijitwika jukumu lake la kudumu na kumkubali kama mwanawe. Majibu yalikuwa mengi. Jina la tatu kwenye kitambulisho chake ni la baba. Baba ndiye aliyesaini fomu zake za shule ya upili kama mzazi. Na alipooa, baba alimwonyesha mahali pa kujenga ndani ya shamba. Mzee wa kijiji alikuja kushuhudia kwamba alikuwapo siku ile, na kwamba baba alisema, "Huyu ni mkubwa wangu." Hakimu alimkubali kama mtoto kamili, akapata fungu kamili.

Kwa hiyo huyo kijana wa kwenu mwulize mambo mawili. Bado alikuwa akitunzwa na baba hadi mwisho? Na je, baba alimchukua kuwa wake, au alikuwa akimsaidia tu kwa sababu anaishi na mama yake? Kulipa karo mara mbili tatu si kujitwika jukumu la kudumu. Niliona kesi ya jirani ambapo mtoto alikuwa amekaa miaka yote kwa nyanya upande wa mama, akija likizo tu, na hakufaulu.

Jambo moja ambalo wachache hulijua: maneno kuhusu kutambua na kujitwika jukumu, kifungu kinayaweka kwa mwanamume peke yake. Mtoto aliyelelewa na mama wa kambo hana mlango huo mama huyo akifa bila wosia. Anabaki na ule wa kutegemea, labda awe aliasiliwa kisheria. Naona si haki, kwa sababu kuna akina mama waliolea watoto wa kambo kuliko wa kuwazaa, lakini ndivyo kilivyoandikwa.

Mgawo wenyewe ulikwenda hivi. Mama alikuwa mjane na watoto wapo, kwa hiyo kifungu cha 35 kinampa vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyosalia aitumie maisha yake yote. Baada yake, watoto hugawana sawa. Sisi tulikuwa watano, na ekari 6 kwa watano ni ekari 1.2 kila mmoja, dada wa nje akiwemo na kaka akiwemo. Mama hakutaka tungoje kufa kwake. Tukakubaliana kwa maandishi kugawa mafungu sita, mama moja na sisi watano, ekari moja kila mmoja, na korti ikathibitisha hivyo. Kama baba yenu alikuwa na wake zaidi ya mmoja, hesabu hubadilika: kifungu cha 40 hugawa kwa nyumba kufuatana na idadi ya watoto, na kila mjane huhesabiwa kama fungu la ziada katika nyumba yake.

Hayo yote si kwa Waislamu, ambao mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu. Hata huko, Juni 2025 Mahakama ya Upeo iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba Mwislamu kwa sababu hiyo pekee. Kama ndivyo ilivyo kwenu, tafuta wakili anayeijua hukumu hiyo.

Miezi miwili bado ni mapema, na hiyo ni bahati yako. Nenda kwa chifu wewe mwenyewe, na vyeti mkononi, kabla barua haijatoka. Mweleze kwamba mko wawili mnaoachwa. Kisha weka kaveti kwenye masjala ya korti, ili yeyote akileta ombi la mirathi hiyo, ujulishwe. Ombi likishafika, tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kuna siku 30 za kuweka pingamizi. Usilitegemee gazeti peke yake; dada yetu hakuliona.

Ukichelewa, bado kuna kifungu cha 76 cha kubatilisha usimamizi uliopatikana kwa kuficha ukweli, na hakina kikomo cha miaka. Lakini kifungu cha 93 kinamlinda aliyenunua mali kutoka kwa msimamizi, hata usimamizi ukibatilishwa baadaye. Unaweza kushinda kesi ukakuta shamba lina mwenye hatimiliki mpya, nawe ubaki kumdai msimamizi pesa ambazo ameshakula. Ndiyo maana nakuhimiza uanze wiki hii.

Niandikie hapa kama chifu ameshatoa barua, na kama cheti chako kina jina la baba. Huyo kijana naye aandike ana umri gani na alikuwa akiishi wapi baba alipofariki, maana jibu lake linategemea hayo mawili.