Kofia ya jino iliyong'oka

"Kofia ya gego langu imeng'oka jana nikila, lakini siumwi. Je, naweza kuibandika kwa gundi hadi mwezi ujao?"

Ndugu, tafadhali usitumie gundi ya kawaida, kwa sababu hudhuru ufizi, na ikikauka kofia ikiwa imekaa upande, huenda daktari akalazimika kuikata. Isafishe, kisha ijaribu bila kupaka kitu: ikiingia vizuri na meno yakakutana kama zamani, paka ndani tabaka jembamba la saruji ya muda ya meno inayouzwa kwenye maduka ya dawa, uibonyeze, kisha ufute iliyozidi. Isipoingia, usiilazimishe, bali ihifadhi umpelekee daktari. Na ikilegea, itoe kabla ya kulala usije ukaivuta kwenye njia ya hewa.

Kutoumwa kusikutulize. Ikiwa jino hilo lilishatolewa neva, linaweza kuoza bila kukuonya, na kisiki chake, ambacho ni dhaifu bila kofia, kinaweza kupasuka hadi kwenye mzizi, hali ambayo mara nyingi haina tiba ila kung'oa. Meno jirani nayo husogea taratibu, hata kofia ile ile ikakataa kuingia. Muone daktari ndani ya siku chache. Ukiona uvimbe au homa, nenda siku hiyo hiyo.