Mafua ya Lubumbashi, sikio kuziba Kinshasa

Juzi dada mmoja wa Bukavu aliniandikia: "Yaya, nilipanda ndege na mafua. Leo siku ya nne sikio limeziba, mama mkwe anasema nitie mafuta ya moto." Niliumia kusoma, maana mafuta hayo mimi niliyatia.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi na vumbi la Lubumbashi, siku ya tatu ya mafua. Ndege ilipopaa Luano sikusikia maumivu, nikalala. Niliamka tunashuka Kinshasa, sikio la kushoto kama limepigwa msumari. Mkutanoni sauti yangu ilivuma kama naongea ndani ya chungu. Mkuu wangu akasema mbele ya wote kwamba najifanya sisikii. Neno hilo bado linaniuma. Nilichokoa kwa vijiti vya pamba, nikatia mafuta, bure.

Dokta alimulika, akaona ngoma ya sikio imevutwa ndani na maji yamekaa nyuma yake. Mafuta yanaishia upande wa huku wa ngoma, ugonjwa uko upande wa pili. Kule kuna chumba kidogo cha hewa, na hewa yake hupita kwenye mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Mrija huo hukaa umefungwa, unafunguka ukimeza mate au ukipiga miayo. Mafua yakiuvimbisha haufunguki vizuri. Mwili unanyonya hewa iliyobaki chumbani, na ngoma inavutwa. Ndiyo maana hata asiyesafiri huziba.

Ndege ikipaa, hewa ya chumbani hutanuka na kutoka yenyewe. Ikishuka, presha ya nje inaubana mrija, lazima uufungue wewe. Ndege ikiwa juu, presha ndani yake huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi, Kinshasa 300 hivi. Kwa hiyo kushukia Kinshasa kunabana zaidi kuliko kurudi kwetu.

Ndugu zangu, ukiweza kuahirisha safari, ahirisha. Usipoweza, usilale ndege ikianza kushuka. Meza mate, tafuna kitu, na mapema, kabla ya maumivu: ziba pua, funga mdomo, pulizia puani polepole. Usipulize kwa nguvu! Dawa ya kupuliza puani husaidia ukiitumia nusu saa kabla ya kushuka, lakini ukizidisha siku chache, pua itaziba zaidi. Mwenye presha ya damu amuulize dokta kwanza.

Langu lilifunguka baada ya wiki mbili na nusu, nameza tonge la bukari: to! Basi dada, vumilia, acha mafuta. Ila funga mdomo uvumishe "mmm". Sauti ikienda kwenye sikio lililoziba, mara nyingi ni hewa au maji. Ikienda kwenye lile sikio jingine lililo zima, huenda mshipa wa kusikia umeguswa: nenda kwa dokta leo. Nenda pia ukiona usaha, damu, au kizunguzungu.