Salio stahiki si salio lililowekezwa

"Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi Marekani kwa mwajiri mmoja miaka mitatu na miezi minane, sasa najiandaa kurudi nyumbani. Taarifa ya mfuko wangu wa akiba ya uzeeni kazini, uitwao 401(k), inaonyesha Employee Contributions dola 9,600, Employer Match dola 4,800, Account Balance dola 14,400, halafu Vested Balance dola 11,520. Rafiki yangu kanitafsiria hilo la mwisho kuwa 'salio lililowekezwa'. Je, hizo 2,880 zilizobaki zimekaa bure? Na huo mchango wa mwajiri ni msaada au ni haki yangu?"

Marahaba, ndugu yangu. Rafiki yako kaponzwa na masikio. "Vested" na neno la Kiingereza la kuwekeza yanafanana kwa sauti, na kweli ni ndugu: yote mawili yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvika nguo. Lakini ndugu hao waliachana zamani. Kwenye taarifa yako dola zote 14,400 zimewekezwa, zikiwemo hizo 2,880. Zinapanda na kushuka na soko pamoja na nyingine. "Vested" inazungumzia haki: ni kiasi gani kitabaki kuwa chako hata ukiacha kazi leo jioni.

Mimi naliita "salio stahiki". Stahiki ni kile mtu anachostahili kupewa kwa haki yake, na wafanyakazi wetu wamelizoea neno hili wanapodai stahiki zao. Nimeona wengine wakiandika "salio lililokomaa", nami silipendi. Hatifungani ndiyo hukomaa, na ikikomaa unakwenda kuchukua fedha zako. Salio stahiki halina ahadi hiyo. Linaweza kuwa lako lote, na bado usiruhusiwe kuligusa ukiwa kazini.

Sasa huo "mchango". Kwetu neno hili lina harufu ya harusi na msiba: mtu katoa kwa hiari, mwambie asante. Ndiyo maana umejiuliza kama umesaidiwa. Katika pensheni, mchango ni fedha yoyote inayoingia kwenye mfuko kwa jina lako, iwe imetoka kwako au kwa mwajiri. Kwa upande wako, fedha ileile ina majina mawili. Kwenye hati ya mshahara ni makato, kwa sababu imetolewa kwako. Ikifika kwenye mfuko inakuwa mchango. Ukiitafsiria familia taarifa hii, andika "michango iliyokatwa kwenye mshahara wangu" kwa mstari wa kwanza na "nyongeza ya mwajiri" kwa mstari wa pili. Hapo hakuna atakayedhani bosi wako alikufanyia hisani. Nyongeza hiyo ni sehemu ya malipo ya kazi, ila ina sharti la muda.

Sharti hilo ndilo lililozaa tofauti uliyoiona. Makato yako pamoja na faida yake ni stahiki kwa asilimia 100 tangu siku ya kwanza. Sheria ya Marekani haimruhusu mwajiri kuyagusa. Nyongeza yake ndiyo anayoweza kuifunga kwa ratiba. Wengine huachia yote papo hapo. Wengine hawaachii kitu mpaka itimie miaka mitatu, kisha huachia yote kwa mkupuo. Wengine huachia kwa ngazi, na ngazi ya taratibu kuliko zote inayoruhusiwa kwa nyongeza ya namna hii ni asilimia 20 baada ya miaka miwili, 40 baada ya mitatu, 60 baada ya minne, 80 baada ya mitano na 100 baada ya sita.

Ya kwako inalingana na ngazi hiyo. Asilimia 40 ya 4,800 ni 1,920. Jumlisha na 9,600 zako, unapata 11,520 kamili. Kwa hiyo hizo 2,880 ni sehemu ya nyongeza ya mwajiri ambayo bado hujaistahiki.

Hapa nakuomba usikimbie, maana kuna neno jingine linalowapoteza watu, nalo ni "Year of Service". Ukiliandika "mwaka wa kazi", msomaji ataelewa miezi kumi na miwili tangu kuajiriwa, na wewe utajihesabia miaka mitatu tu. Mifuko mingine kweli huhesabu hivyo. Lakini mingi huhesabu saa: ukifanya kazi saa 1,000 ndani ya kipindi cha miezi kumi na miwili, umeandikiwa mwaka mzima wa utumishi, hata kama uliondoka kabla kipindi hakijaisha. Mtu wa saa 40 kwa wiki hufikisha saa 1,000 katika wiki 25, yaani kama miezi sita hivi. Wewe una miezi minane ndani ya mwaka wako wa nne. Kama mfuko wako unahesabu saa, na kipindi chake kinaanzia tarehe uliyoajiriwa, mwaka wa nne umeshaupata ingawa taarifa bado inasoma asilimia 40. Stahiki yako kwenye nyongeza ingekuwa asilimia 60, yaani dola 2,880, na salio stahiki lingepanda hadi dola 12,480. Hizo ni dola 960 zinazoning'inia kwenye tafsiri ya neno "mwaka". Mimi ningeandika "mwaka wa utumishi unaohesabika", urefu wake usinitishe.

Jibu la uhakika liko kwenye kijitabu kinachoitwa Summary Plan Description, ambacho mwajiri anapaswa kukupa. Tafuta sehemu yenye neno "Vesting", uone kama wanataja saa au tarehe, na kipindi chao kinaanza lini. Fanya hivyo kabla hujajaza fomu ya kutoa fedha. Ukishachukua salio stahiki lote, sehemu ambayo hujaistahiki kwa kawaida hufutwa kwenye akaunti yako na kurudi kwenye mfuko. Kwenye taarifa utaiona chini ya neno "Forfeiture". Wapo wanaolitafsiri "faini", nalo ni kosa linalomtia mtu hofu bure: hukuvunja sheria yoyote. Sema "kiasi kilichopotea kwa kutotimiza muda".

Usiichanganye hiyo na "Early Withdrawal", ambayo kweli ina adhabu. Mtu akitoa fedha kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida huongezewa kodi ya asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida. Tena, mtu aliyekwisha kuondoka na kuhesabiwa kuwa si mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi, kwa kawaida hukatwa asilimia 30 kabla fedha haijamfikia. Kwa hiyo ukiwaandikia wa nyumbani, usiwaambie "nitapokea dola 11,520". Waambie "salio langu stahiki ni dola 11,520 kabla ya kodi", na hata namba hiyo usiitaje mpaka mfuko umekujibu kuhusu zile saa 1,000.