Usitumie RENAME wakati matoleo mawili ya programu yanatumia hifadhidata moja

“Programu yetu ya mizani iko kwenye vituo sita, yote inaunganishwa na PostgreSQL moja. Jumamosi nataka safu ya simu iitwe namba_malipo, na toleo jipya nitalisambaza kidogo kidogo. RENAME inatosha?”

Ndugu, usiiguse hiyo RENAME. Mwaka ule tulipokuwa tunanunua mahindi Kibaigwa, mshauri tuliyemlipa alituambia kwamba amri hiyo humalizika kwa sekunde moja. Ni kweli humalizika, lakini hakutaja kwamba kompyuta ambazo hazijafikiwa na toleo jipya zitaendelea kuiita safu kwa jina la zamani. Asubuhi mizani minne ilikataa kusajili mkulima yeyote:

```
ERROR: column "simu" of relation "wakulima" does not exist
```

Kosa hilo lilipiga kelele, kwa hiyo tulilirudisha nyuma kabla ya saa tano. Lililotugharimu ni lile la pili, ambalo lilikaa kimya. Mshauri yuleyule alisema tuongeze safu mpya, tunakili namba zote mara moja, kisha tuendelee kusambaza. Tukafanya hivyo. Mkulima mmoja aliyekuwa amepoteza laini yake alibadilisha namba kwenye kituo chenye toleo la zamani, na toleo hilo likaandika kwenye simu peke yake. Ofisi ya malipo, yenye toleo jipya, ilisoma namba_malipo na kutuma fedha za magunia yake kwenye laini ambayo haikuwa mikononi mwake tena. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea. Tuligundua aliposimama mlangoni akidai haki yake. Bado nina hasira na mtu anayelipwa kutoa ushauri kisha asiulize ni programu gani nyingine zinaandika kwenye jedwali hilo.

Ongeza safu mpya ikiwa inaruhusu utupu, kwa sababu toleo la zamani halitaijaza na NOT NULL ingelizuia kuandika:

```sql
ALTER TABLE wakulima ADD COLUMN namba_malipo text;
```

Kisha, kabla ya kunakili chochote, weka triga ya BEFORE INSERT OR UPDATE inayoangalia ni safu ipi imebadilika na kuipeleka thamani yake kwenye ile nyingine. Ukinakili kwanza, kila kinachoandikwa katikati hapo kitapotea kama namba ya yule mkulima. Triga ikishakuwepo, nakili rekodi za zamani, ndipo usambaze toleo jipya kwa mwendo unaoutaka.

Safu ya simu usiifute hadi toleo la zamani liondoke kabisa. Kila toleo lijitambulishe kwa application_name, mfano mizani-3, nawe uangalie hivi:

```sql
SELECT application_name, client_addr FROM pg_stat_activity;
```

Amri hiyo huonyesha waliounganishwa wakati huo tu, kwa hiyo kituo kinachofunguliwa siku za mnada pekee hutakiona. Sisi tulirudia kuangalia kila siku kwa wiki tatu, na kompyuta ya mwisho yenye toleo la zamani ilijitokeza katika wiki ya tatu.