Barua ya mikondo: nilivyowaandikia wazazi wa Darasa la Tano

Wiki iliyopita mwalimu mkuu mmoja wa Arusha alinitumia ujumbe: "Madam, shikamoo. Nimechanganya watoto wa la tano, nimeondoa A ya vichwa, sasa wazazi wamejaa ofisini. Wewe uliwaambia nini?" Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa sauti fupi, nikaona bora niandike, maana wakuu wenzangu wengi mnaniuliza hilohilo.

Hapa Moshi kwenye shule yangu, mkondo wa A ulikuwa wa wanaoongoza kwa miaka mingi kabla sijafika. C ilikuwa ya waliobaki, na walijua. Mtoto wa C ukimuuliza saba mara nane anakujibu, "Madam, mimi niko C." Mwaka huu nimeuvunja mpango huo, na nasema wazi kwamba najivunia. Nimesemwa sana. Kuna mama aliyepita sokoni Kiboriloni akitangaza kwamba mwanawe ametolewa A kwa sababu hakuniletea kuku. Maneno hayo yalinifikia kabla ya jioni, na sitasema hayakuniuma.

Lakini tuanze na mgawanyo wenyewe, kwa sababu barua haiwezi kutetea mgawanyo uliofanywa kienyeji. Ukigawa kwa kukisia, barua itakuwa ya kukwepa, na mzazi ananusa.

Nilikuwa na watoto 132, wasichana 69 na wavulana 63. Mikondo mitatu, kila mmoja watoto 44, chini kidogo ya wale 45 wa mwongozo wa Serikali. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa la nne sikuyatumia kupanga, kwa sababu NECTA inatupa herufi, na watoto arobaini wenye B huwezi kuwapanga mstari. Nilichukua alama za mtihani wetu wa mwisho wa mwaka. Wasichana nikawapanga peke yao kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, wavulana vilevile.

Kisha nikagawa kwa mwendo wa nyoka. Wa kwanza A, wa pili B, wa tatu C. Hapo usirudi A: wa nne anaingia C, wa tano B, wa sita A. Wa saba anaanza tena A. Jumlisha nafasi zao uone: A ina wa 1 na wa 6, B ina wa 2 na wa 5, C ina wa 3 na wa 4. Kote ni saba. Ukigawa A, B, C, A, B, C bila kugeuka, A inapata aliye juu kila raundi, na mpaka mwisho wa orodha A imewazidi wenzake bila wewe kujua. Wasichana walitoka 23 kila mkondo, wavulana 21.

Watu wengi huishia hapo, na ndipo wanapoharibu. Jumla ya alama inaficha kusoma. Mtoto anaweza kubebwa na Hisabati na bado hajui kusoma aya moja bila kukwama. Kwa hiyo kabla ya kubandika majina, walimu walimwita kila mtoto asome aya fupi kwa sauti. Tulipata 19 wanaokwama. Kwenye orodha yangu nzuri ya nyoka, A ilikuwa nao 9, B 4, C 6. Tukahamisha wawili kutoka A kwenda B, na kwa kila mmoja tukamrudisha A mtoto wa jinsia hiyohiyo mwenye jumla ya alama inayokaribiana ila anasoma vizuri. Ikawa 7, 6, 6.

Marekebisho mengine yote yanafuata kanuni hiyo: ukimtoa mmoja, mrudishe anayelingana naye. Mvulana wa nafasi ya 16 anatembea kwa magongo na alikuwa ameangukia C, ambayo chumba chake kina ngazi. Tulimbadilisha na wa nafasi ya 18 aliyekuwa A. Tofauti yao ilikuwa alama mbili. Nani atalalamika kwa hilo?

Sasa barua. Kamati ya shule iliiona kwanza, kisha tukaituma kwa karatasi na tukaisoma kwa sauti kwenye kikao cha wazazi, maana si kila mlezi anasoma, na karatasi nyingine huishia chini ya daftari kwenye begi. Baada ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" iliendelea hivi:

"Wanafunzi 132 wa Darasa la Tano wamegawanywa katika mikondo A, B na C. Kila mkondo una wasichana 23 na wavulana 21. Tumetumia alama za mtihani wa mwisho wa mwaka na zoezi la kusoma, ili kila mkondo uwe na wanaofanya vizuri, wa kati na wanaohitaji msaada kwa idadi inayokaribiana. Hakuna mkondo wa waliofaulu wala wa walioshindwa. Masomo yote yanafundishwa na walimu walewale katika mikondo mitatu, isipokuwa Sayansi, ambayo C ina mwalimu wake. Mwanao yuko mkondo ____. Mwenye sababu ya afya, ulemavu au usalama wa mtoto afike ofisini kabla ya Ijumaa. Hatutahamisha mtoto kwa sababu ya urafiki, mwalimu wa darasa au herufi ya mkondo."

Basi. Ukurasa haukujaa.

Sentensi ya Sayansi mwalimu wa taaluma alitaka niiondoe. Nilikataa. Swali la kwanza la mzazi ni "nani anamfundisha?", na akiligundua mwenyewe kupitia mtoto, hata yale ya kweli uliyoandika hatayaamini. Mwalimu mkuu anayeficha jambo dogo anajichimbia shimo mwenyewe, na wakuu wenzangu hamtaki kulisikia hili, ila nitalirudia: andika lile unaloogopa kuulizwa.

Usiandike nafasi wala alama za mtoto yeyote kwenye barua. Barua hupigwa picha, na jioni iko kwenye makundi ya wazazi. Na usiweke "kwa maelezo zaidi fika ofisini" bila kutaja sababu zinazokubalika na siku ya mwisho. Nadhani ndipo ulipoteleza, mdogo wangu. Umefungua mlango, wamekuja na kila kitu, pamoja na "mwanangu hapendi kukaa na watoto wa mtaa ule."

Mama wa kuku naye alikuja. Nilimwonyesha nafasi ya mwanawe tu, nikaficha mistari mingine kwa karatasi, nikahesabu naye mwendo wa nyoka kwa kidole mpaka tukafika C. Akasema, "Sawa Madam, ila ungeniambia mapema." Sikumwomba radhi wala yeye hakuniomba.

Wanaohamia katikati ya muhula wape zoezi la kusoma na maswali machache ya Hisabati, kwa sababu alama za shule walikotoka hazilingani na zenu. Waingize kwenye mkondo wenye watoto wachache, na kama wote wako sawa, wenye wasomaji dhaifu wachache zaidi. Kanuni hiyo ibandike ukutani ofisini kabla hajaja mtu mwenye kadi ya mheshimiwa fulani.